Kwacha, shaba na mkonge: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu sarafu zinazofuata bei ya bidhaa

Maswali haya huulizwa na wafanyabiashara wa Tanga wanaopeleka mizigo Zambia, na wakulima wa mkonge wa Korogwe, Muheza na Pangani ambao bei ya singa zao hupangwa kwa dola. Mfano mkuu uliotumika ni kwacha ya Zambia, kwa kuwa ni sarafu ya jirani, na uhusiano wake na shaba uko wazi kuliko ule wa sarafu nyingine nyingi.

## Mambo ya msingi

1. Sarafu inayofuata bei ya bidhaa ni ipi?

Ni sarafu ya nchi ambayo sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni hutokana na bidhaa ghafi moja au chache, na ambayo thamani yake huachwa ipangwe na soko kwa kiasi kikubwa. Masharti hayo mawili huenda pamoja. Zambia hupata takriban asilimia 70 ya mapato yake ya mauzo ya nje kutokana na shaba, na kwacha hununuliwa na kuuzwa sokoni kila siku. Kwa hiyo kwacha ni sarafu ya aina hiyo. Nyingine zinazotajwa sana ni dola ya Australia, inayofuata chuma ghafi na makaa ya mawe. Dola ya Kanada, inayofuata mafuta. Peso ya Chile, inayofuata shaba. Na dola ya Nyuzilandi, inayoguswa na bei ya maziwa ya unga.

Australia na Kanada ni nchi tajiri, kwa hiyo si kweli kwamba jambo hili ni la nchi maskini peke yake. Tofauti huonekana katika ukubwa wa mtikisiko na katika uwezo wa raia wa kawaida kuuhimili.

2. Bei ya shaba iliyopangwa London inaifikiaje noti iliyo mfukoni mwa mtu wa Ndola?

Inapitia mikononi mwa watu wanaouza dola. Kampuni ya mgodi huuza shaba yake nje na kulipwa dola, kwa bei inayotegemea Soko la Metali la London. Hata hivyo, wachimbaji wake hulipwa kwacha, na gharama zake nyingi za ndani pia hulipwa kwacha. Kila mwezi, basi, mgodi hupeleka dola benki na kuchukua kwacha. Dola hizo ndizo zinazonunuliwa na mwagizaji wa mafuta, mwagizaji wa mbolea, mwenye duka la vipuri na mzazi anayelipa ada ya mtoto anayesoma nje.

Bei ya shaba ikishuka, tani ileile huleta dola chache zaidi. Mahitaji ya mafuta na mbolea hayapungui siku hiyo hiyo, kwa hiyo wanunuzi walewale hugombea dola chache, na kila mmoja hukubali kutoa kwacha nyingi zaidi ili apate. Bei ikipanda, mambo hugeuka: dola huwa nyingi benki na kwacha huimarika.

Kuna njia ya pili, ambayo huwa ya haraka zaidi. Wenye fedha hawangoji dola zipungue kweli. Wakiona shaba inateremka London asubuhi, wanajua kitakachotokea benki baada ya miezi miwili, na hununua dola siku hiyo hiyo. Ndiyo maana kwacha huweza kushuka hata kabla ya meli yenye shaba ya bei mpya kuondoka bandarini.

3. Dola ilikuwa kwacha 6, sasa ni kwacha 11. Kwacha imepanda au imeshuka?

Imeshuka. Namba inaonyesha dola moja inanunuliwa kwa kwacha ngapi, kwa hiyo namba ikikua, kwacha imedhoofika. Shilingi yetu husomwa vivyo hivyo: kutoka 2,700 kwenda 2,400 kwa dola ni kuimarika.

4. Mbona nchi nyingine zinauza mafuta tupu na sarafu zao hazitikisiki?

Kwa sababu zimefunga kiwango. Riyal ya Saudi Arabia imekuwa 3.75 kwa dola tangu mwaka 1986, ingawa katika kipindi hicho mafuta yamewahi kushuka chini ya dola 15 kwa pipa na kupanda juu ya dola 140. Mtikisiko haukutoweka, umehamia kwenye bajeti ya serikali na kwenye akiba ya fedha za kigeni, ambayo Saudi Arabia imejiwekea kwa wingi. Nchi isiyo na akiba kama hiyo haiwezi kuiga njia hiyo kwa muda mrefu. Nigeria ilishikilia naira karibu na 199 kwa dola hadi Juni 2016, wakati bei ya mafuta ilikuwa imeshaanguka tangu katikati ya mwaka 2014. Katika miezi hiyo dola za benki zilikuwa adimu, na mtaani ziliuzwa kwa bei ya juu zaidi, hadi kiwango rasmi kilipoachiwa na naira kushuka mara moja.

## Kwacha mwaka 2015

5. Nini hasa kilitokea?

Mwanzoni mwa mwaka 2015 tani moja ya shaba iliuzwa kwa takriban dola 6,300, na dola moja ilinunuliwa kwa kwacha 6.4. China, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote, ilikuwa imepunguza kasi ya ujenzi na viwanda. Kufikia mwisho wa mwaka tani ilikuwa karibu dola 4,700, na dola ilikuwa karibu kwacha 11. Katikati yake, mwezi Novemba, kwacha iligusa 14.

Hesabu ya pengo ni rahisi, na inafaa kufanywa kwa mkono. Zambia ilikuwa ikizalisha takriban tani 700,000 kwa mwaka. Kila tani ilipoteza dola 1,600. Ukizidisha, unapata dola bilioni 1.12 ambazo zingeingia kwa mwaka mzima kwa bei ya zamani lakini zisingeingia kwa bei mpya, na hapo hakuna hata tani moja iliyopungua mgodini. Kwa nchi iliyokuwa na watu wapatao milioni 16, hilo ni pengo kubwa.

Bei za madukani zilifuata kwa kasi. Mfumuko wa bei ulikuwa asilimia 7.7 mwezi Septemba, ukawa 14.3 Oktoba, 19.5 Novemba na 21.1 Desemba. Hali ilikuwa nzito kiasi kwamba tarehe 18 Oktoba ilitengwa kuwa siku ya kitaifa ya maombi na kufunga.

6. Shaba ilishuka kwa robo tu. Mbona kwacha ilishuka zaidi?

Shaba ilipoteza takriban asilimia 25 ya bei yake, na kwacha ilipoteza takriban asilimia 42 ya thamani yake dhidi ya dola. Tofauti hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba bei ya bidhaa ni chanzo, lakini ukubwa wa anguko hupangwa na hali iliyokuwapo nyumbani.

Kwanza, bei ilipokaribia gharama ya uchimbaji, migodi ilianza kupunguza kazi. Mwezi Septemba wamiliki wa mgodi wa Mopani walitangaza kwamba wangesimamisha uzalishaji kwa miezi 18. Soko likaelewa kwamba zitakazopungua ni tani pia, wala si bei ya kila tani pekee. Pili, mwaka huohuo maji ya Bwawa la Kariba yalishuka kwa ukame, na umeme ukawa wa mgawo. Migodi ndiyo mtumiaji mkubwa wa umeme huo. Tatu, serikali ilikuwa imekopa kwa dola katika masoko ya nje mara tatu, mwaka 2012, 2014 na 2015, na riba ya mikopo hiyo ilihitaji dola bila kujali bei ya shaba. Nne, dola yenyewe ilikuwa ikiimarika duniani kote.

Juu ya hayo yote kuna tabia ya watu, ambayo mimi naiona kuwa ndiyo iliyoifikisha kwacha kwenye 14. Anayeamini kwamba kwacha itashuka kesho hununua dola leo, hata kama hazihitaji hadi mwezi ujao. Na mwenye dola huzishikilia asiziuze. Wanunuzi huongezeka na wauzaji hupungua kwa wakati mmoja. Hofu ilipopoa, kwacha ilirudi hadi karibu 11 bila shaba kupanda, jambo linaloonyesha kwamba sehemu ya anguko la Novemba haikuwa ya shaba.

7. Mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa akiuza Zambia aliathirika vipi?

Tuchukue mfano wa kubuni wa mfanyabiashara wa Tanga aliyepeleka dagaa wakavu kupitia Tunduma na kuwauza kwa mkopo, kwa bei ya kwacha 64,000. Tuseme alipatana bei mwanzoni mwa 2015. Kwa kiwango cha 6.4, fedha hizo zilikuwa dola 10,000. Kama mteja wake alichelewa hadi mwisho wa mwaka akalipa kwacha zilezile 64,000, kwa kiwango cha 11 alipokea dola 5,818. Deni lililipwa lote, na karibu nusu ya mali haikurudi.

Hata hivyo, mtu huyu anakula na kulipa kodi ya nyumba kwa shilingi, kwa hiyo hesabu haijaisha. Shilingi nayo ilidhoofika mwaka huo, kutoka takriban 1,730 hadi takriban 2,150 kwa dola. Dola 10,000 za mwanzo zilikuwa shilingi 17,300,000. Dola 5,818 za mwisho zilikuwa takriban shilingi 12,500,000. Hasara yake kwa shilingi ni asilimia 28 na si 42. Anayeuza nje, basi, anapaswa kuangalia sarafu mbili zinavyokwenda kwa pamoja, kwa sababu kushuka kwa moja hufidiwa au kuzidishwa na mwendo wa nyingine.

Upande wa pili kulikuwa na walionufaika: Mtanzania aliyekwenda kununua mahindi au mifugo Zambia katika miezi hiyo alipata vingi zaidi kwa shilingi zake, hadi bei za ndani zilipopanda na kuifuta nafuu hiyo.

8. Benki Kuu ya Zambia haikuweza kuzuia?

Ilijaribu. Iliuza dola kutoka kwenye akiba yake, na mwezi Novemba ikapandisha riba yake ya sera kutoka asilimia 12.5 hadi 15.5 ili kushika kwacha kuwe na faida kuliko kukimbilia dola. Hatua hizo hutuliza hofu iliyoelezwa katika jibu la 6, lakini haziwezi kurudisha dola bilioni moja ambazo shaba haikuzileta. Gharama yake pia hulipwa: mwenye duka wa Lusaka aliyetaka mkopo aliukuta ghali mno.

## Tanga, mkonge na shilingi

9. Mkonge ulipoporomoka, mbona shilingi haikuporomoka kama kwacha?

Kwa sababu wakati huo shilingi haikuruhusiwa kusogea. Swali hili huulizwa sana na wazee wa mashambani, na linastahili jibu refu, kwa kuwa Tanga ilipata mshtuko kama ule wa Zambia bila kuuona kwenye sarafu.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kufikia uhuru wa mwaka 1961, ulikuwa ukiongoza mauzo ya nje ya Tanganyika, na katikati ya miaka ya 1960 uzalishaji ulipita tani 200,000 kwa mwaka. Shilingi iliyotumika ilikuwa ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu na kufungwa kwa pauni ya Uingereza: shilingi 20 kwa pauni moja. Shilingi ya Tanzania ilipoanza mwezi Juni 1966, ilishika kiwango kilekile.

Bei ya mkonge ilianza kuanguka baada ya mwaka 1964, na nyuzi za plastiki zikauondoa kwenye kamba za kufungia nyasi za mifugo huko Ulaya na Marekani. Kama shilingi ingekuwa huru, ingedhoofika, na mwenye shamba angepata shilingi nyingi zaidi kwa kila pauni ya mauzo yake. Hiyo ingemsaidia kuendelea kulipa mishahara. Lakini kiwango kilikuwa kimefungwa. Pauni yenyewe iliposhushwa thamani Novemba 1967, shilingi haikuifuata, kwa hiyo mkonge uliouzwa kwa pauni ukaleta shilingi chache zaidi kuliko mwanzo.

Kilichoshuka badala ya sarafu kilikuwa kazi. Mashamba yalipunguza watu, korona za kusindikia mkonge zikasimama, na vibarua waliokuja kutoka mbali wakabaki kwenye makambi bila mshahara. Sarafu inayosogea hugawa hasara kwa kila anayenunua bidhaa ya nje. Sarafu iliyofungwa huirundika kwa wale walio karibu na bidhaa iliyoanguka. Sioni njia iliyo na huruma kati ya hizo mbili, ila ya kwanza huipa shamba muda wa kupumua.

10. Shilingi ya leo inafuata bidhaa gani?

Haifuati bidhaa moja kwa uaminifu ambao kwacha huifuata shaba. Dhahabu huongoza mauzo yetu ya bidhaa nje, utalii huleta fedha zinazolingana nayo au kuizidi, na baada yake huja korosho, tumbaku, kahawa na ushuru wa mizigo ya majirani inayopita bandarini. Mkonge sasa ni sehemu ndogo. Wakati huohuo tunaagiza mafuta yote ya magari, kwa hiyo mafuta yakipanda duniani shilingi huumia, na dhahabu ikipanda hupata nafuu.

Kinachoonekana zaidi kwa jicho ni msimu. Katikati ya mwaka 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 2,700. Kufikia mwisho wa Desemba ilikuwa karibu 2,400. Miezi ya mwisho wa mwaka hukuta watalii wa katikati ya mwaka wameshalipa na korosho za kusini ziko mnadani, ilhali robo ya kwanza ya mwaka mara nyingi huwa kame. Msimu huo si sababu pekee ya mabadiliko ya 2024, kwa sababu bei ya dhahabu na hatua za Benki Kuu zilikuwamo, lakini anayeweka kumbukumbu za miaka kadhaa atauona.

11. Mkulima wa mkonge hunufaika shilingi inaposhuka?

Kwa muda, ndiyo. Tuseme tani ya singa safi inauzwa dola 1,500. Kwa kiwango cha 2,700 ni shilingi 4,050,000. Kwa 2,400 ni shilingi 3,600,000. Hapo kuna tofauti ya shilingi 450,000 kwa tani, na daraja la singa, urefu wake wala usafi wake havikubadilika. Ndiyo sababu mkulima huweza kuambiwa kwamba bei ya dunia imetulia na bado akapokea kidogo kuliko msimu uliopita.

Nafuu ya shilingi kushuka hupungua kadiri miezi inavyopita. Dizeli ya korona na ya trekta, tairi na vipuri huagizwa kwa dola, na bei zake hupanda baada ya wiki chache. Kinachokawia ni mishahara ya wakataji. Kwa maneno mengine, sehemu ya faida ya mwenye shamba katika kipindi hicho hutoka kwenye mshahara usiopandishwa, na jambo hilo linapaswa kusemwa wazi katika vikao vya ushirika.

12. Bomba la mafuta likifika Chongoleani, shilingi itaanza kufuata bei ya mafuta?

Si kwa njia ya bomba hilo. Mafuta yatakayopita katika kilomita 1,443 kutoka Hoima ni ya Uganda. Tanzania, yenye hisa ya asilimia 15 kupitia TPDC, shirika lake la mafuta, itapata mapato yanayotokana na malipo ya kupitisha kila pipa, na malipo hayo hutegemea wingi wa mapipa kuliko bei yake sokoni. Sarafu ya kutazamwa kwa jambo hilo ni shilingi ya Uganda.

## Mambo yenye utata

13. Mwaka 2024 shaba ilipanda sana lakini kwacha ilikuwa dhaifu. Uhusiano umekatika?

Haukukatika, ulizidiwa nguvu. Mwezi Mei 2024 shaba ilivuka dola 10,000 kwa tani, na bado dola moja ilinunuliwa kwa zaidi ya kwacha 25. Mwaka huo ukame mkali uliharibu mahindi, hivyo Zambia ikahitaji dola za kununua chakula, na Kariba ikakauka tena, hivyo zikahitajika dola za kununua umeme. Uzalishaji wa shaba nao ulikuwa umeshuka mwaka 2023. Bei nzuri haimsaidii sana mwenye tani chache. Anayetazama bei ya London peke yake atakosea katika miaka ya namna hii. Atazame pia mvua, tani zinazotoka na madeni yanayoiva.

14. Dalili zipi huonekana mapema kwa mtu asiye na mitambo ya benki?

Tazama ubao wa duka la kubadilishia fedha, hasa pengo kati ya safu ya kununua na ya kuuza. Sarafu ikiwa imetulia pengo huwa dogo. Mwenye duka akianza kuogopa, huinua bei ya kuuza dola na kuiacha ya kununua nyuma, na pengo hupanuka kabla ya kiwango rasmi kuonyesha lolote kubwa. Dalili ya pili ni duka linaloandika bei lakini halina dola za kuuza. Hapo bei iliyo ubaoni si bei ya kweli. Ya tatu ni madereva wa malori wanaorudi kutoka Tunduma wakisema kwamba upande wa pili watu hawataki tena kupokea fedha yao wenyewe kwa mzigo mkubwa.

15. Nikiuza Zambia, nipatane bei kwa sarafu gani?

Kama mteja analipa papo hapo, kwacha haina shida, mradi uibadilishe siku hiyo au ununue mzigo wa kurudi nao. Kama unakopesha kwa zaidi ya wiki chache, patana kwa dola au kwa shilingi, ukijua kwamba umemhamishia mteja hatari yote. Kwacha ikianguka kama ilivyoanguka mwaka 2015, mteja anayeuza kwa kwacha huenda akashindwa kulipa kabisa, na deni zuri la dola likawa karatasi tupu.

Wafanyabiashara wazoefu hupatana katikati: bei huandikwa kwa kwacha pamoja na kiwango cha siku ya mapatano, na kukawekwa sharti kwamba kiwango kikisogea kwa zaidi ya asilimia 10 kabla ya malipo, kinachozidi hapo hugawanywa nusu kwa nusu. Sharti hilo liandikwe kwenye hati ileile ya mzigo, likitaja kiwango cha benki gani na cha saa ngapi, kwa sababu siku ya malipo viwango vitakavyotajwa vitakuwa vingi.